Rangi za Jani la Mchicha kwenye Picha: Namna ya Kukokotoa Thamani za Rf

Thamani ya Rf ni uwiano. Juu yake kuna umbali ambao rangi imesafiri kwenye karatasi, chini yake kuna umbali ambao kiyeyushi kimesafiri katika muda uleule, na vyote viwili hupimwa kuanzia mstari mmoja, ule ambapo tone la rangi liliwekwa. Rangi isiyoondoka kabisa mahali pake ina Rf ya 0. Rangi inayokwenda sambamba na kiyeyushi hadi mwisho ina Rf ya 1. Nyingine zote hukaa katikati, kila moja kwa kadiri inavyoshikwa na karatasi au kuvutwa na kiyeyushi.

Kipimo hiki kilianza kuwa na maana kwenye karatasi mwaka 1944, pale Consden, Gordon na Martin, waliokuwa wakifanya kazi katika kituo cha utafiti wa sufu mjini Leeds, Uingereza, walipoeleza jinsi ya kutenganisha asidi za amino kwa kipande cha karatasi ya kuchujia. Archer Martin na mwenzake Richard Synge walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1952 kwa kazi ya kutenganisha vitu kwa njia hiyo ya mgawanyo. Rangi za majani zenyewe zilikuwa zimetenganishwa mapema zaidi, na Mrusi Mikhail Tsvet, aliyepitisha dondoo la majani ndani ya bomba lenye unga wa chokaa mwanzoni mwa karne ya 20. Walimu wengi wa sekondari bado huanza na majani kwa sababu rangi zake huonekana kwa macho, bila kupuliziwa dawa yoyote.

Siku hizi karatasi hiyo haipimwi tu kwa rula juu ya meza. Hupigwa picha kwa simu, na vipimo huchukuliwa kwenye picha. Kuna sababu nzuri ya kufanya hivyo. Karotini hupauka kwa mwanga na hewa, na klorofili nayo hufifia, kiasi kwamba karatasi iliyong'aa asubuhi inaweza kuwa na madoa ya kubahatisha siku inayofuata. Picha huyahifadhi madoa kama yalivyokuwa dakika karatasi ilipokauka. Lakini picha ina kasoro zake, na mtu asiyezijua huishia na namba zenye sura ya usahihi ambazo si sahihi.

Karatasi yenyewe kwanza. Majani machache ya mchicha mbichi hutwangwa kwenye kinu kidogo pamoja na asetoni kidogo hadi upatikane mchuzi wa kijani kibichi uliokolea. Kwenye kipande cha karatasi ya kromatografia chenye urefu wa sentimita 13 hivi huchorwa mstari kwa penseli, sentimita 2 kutoka ukingo wa chini. Lazima iwe penseli, kwa kuwa wino wa kalamu huyeyuka na kupanda pamoja na rangi za jani. Tone dogo la mchuzi huwekwa juu ya mstari, huachwa likauke, kisha jingine huwekwa palepale, na kazi hiyo hurudiwa mpaka doa liwe zito bila kupanuka. Karatasi husimamishwa ndani ya chupa yenye kifuniko, iliyotiwa kiyeyushi kwa kina kisichofikia mstari wa penseli. Kiyeyushi kinachotumika sana kwa rangi za jani ni mchanganyiko wa etha ya petroli sehemu 9 na asetoni sehemu 1. Vimiminika hivi viwili hushika moto upesi, kwa hiyo kazi hufanywa mahali penye hewa na mbali kabisa na jiko au kibiriti.

Kiyeyushi hupanda chenyewe kwenye nyuzi za karatasi. Kinapokaribia sentimita moja kutoka ukingo wa juu, karatasi hutolewa na kikomo cha kiyeyushi huwekewa alama ya penseli papo hapo. Hatua hii ndiyo inayosahaulika zaidi kuliko zote, na haina tiba. Etha ya petroli hukauka kwa sekunde chache tu, na baada ya hapo hakuna kamera wala programu itakayoonyesha kiyeyushi kiliishia wapi. Picha ya karatasi isiyo na alama hiyo ni picha nzuri ya rangi, lakini haina Rf ndani yake.

Kwenye karatasi iliyofanikiwa, madoa matano huonekana kutoka juu kwenda chini. Juu kabisa, karibu na kikomo, kuna doa la njano iliyoelekea chungwa, nalo ni karotini. Chini yake huweza kuwepo doa hafifu la kijivu, feofitini. Kisha hufuata njano ya zanthofili, kisha kijani chenye ubuluu cha klorofili a, na mwisho kijani chenye unjano cha klorofili b. Mpangilio huu unatokana na kemia ya molekuli zenyewe. Karatasi ni selulosi, nayo hushikilia maji kidogo, kwa hiyo hupenda molekuli zenye oksijeni nyingi za kushikana nazo. Karotini ni kaboni na hidrojeni tupu. Hakuna kitu cha kuikamata, hivyo hukimbia pamoja na etha. Zanthofili ni kama karotini iliyoongezewa oksijeni, na hiyo inatosha kuirudisha nyuma sana. Klorofili b inatofautiana na klorofili a katika sehemu moja tu ya molekuli, ambapo b ina oksijeni na a haina, na tofauti hiyo ndogo huonekana kwenye karatasi kama pengo la sentimita karibu mbili.

Feofitini inastahili maelezo yake. Ni klorofili iliyopoteza atomu ya magnesi iliyokuwa katikati yake, jambo linalosababishwa na asidi au joto. Ndiyo maana mchicha uliopikwa muda mrefu hupoteza kijani chake na kuwa na rangi ya zeituni. Doa zito la kijivu kwenye karatasi linaeleza kwamba majani yalikuwa yamezeeka, au mchuzi ulikaa sana kabla ya kutumika. Na mchicha mwekundu huleta jambo jingine: rangi yake nyekundu huyeyuka kwenye maji na si kwenye etha, kwa hiyo hubaki kwenye mstari wa kuanzia. Rf yake katika kiyeyushi hiki ni 0, na hilo ni jibu halali kabisa.

Sasa picha. Karatasi ikishakauka hubandikwa kwa utepe wa gundi ncha zote mbili juu ya kadi nyeupe, ili isijikunje. Rula huwekwa kando yake, sambamba nayo, alama ya 0 ikiwa usawa wa mstari wa kuanzia. Mwanga unaofaa ni ule wa dirishani usio wa jua la moja kwa moja. Taa ya simu huzimwa kwa sababu huacha weupe mkali katikati na giza pembeni. Simu hushikwa juu kiasi cha sentimita 30 au zaidi, ikitazama chini wima, na karatasi huwekwa katikati ya fremu bila kuijaza. Ni afadhali kusogea mbali na kuvuta picha kidogo kuliko kuinamia karibu, na sababu yake itaonekana baadaye.

Jambo moja la kuepukwa ni hali ya kamera iliyokusudiwa kupiga nyaraka. Inavutia, kwa kuwa hunyoosha picha yenyewe, lakini pia husafisha mandharinyuma ili maandishi yasomeke, na katika kusafisha huko njano hafifu ya karotini huchukuliwa kuwa uchafu wa karatasi na kufutwa.

Picha ya kidijitali ni safu za pikseli, na kila pikseli ina anwani ya namba mbili, moja ya kwenda upande na nyingine ya kwenda chini. Hapa kuna mtego wa kwanza. Katika karibu programu zote za picha, hesabu ya wima huanzia juu, si chini. Pikseli ya juu kabisa ni 0 na namba huongezeka kadiri mtu anavyoshuka. Kwa hiyo mstari wa kuanzia, ulio chini ya karatasi, una namba kubwa kuliko kikomo cha kiyeyushi. Umbali wa doa hupatikana kwa kutoa anwani yake kutoka kwenye anwani ya mstari wa kuanzia:

```
Rf = (y_mwanzo - y_doa) / (y_mwanzo - y_kikomo)
```

Atakayesahau kutoa na kugawanya anwani zenyewe atapata namba inayozidi 1. Hakuna rangi inayoweza kuipita njia ya kiyeyushi kilichoibeba, kwa hiyo Rf ya 1.22 ni ishara ya hesabu iliyokosewa, si ugunduzi.

Chukua picha moja yenye pikseli 4000 kwa urefu. Mstari wa penseli wa kuanzia uko kwenye pikseli 3412, na alama ya kikomo iko kwenye 612. Kiyeyushi, basi, kimesafiri pikseli 2800. Kitovu cha doa la klorofili b kiko kwenye 2140, hivyo doa limesafiri 3412 kutoa 2140, yaani pikseli 1272. Gawanya 1272 kwa 2800, jibu ni 0.454. Karotini iko kwenye 744: imesafiri 2668, na Rf yake ni 0.953. Feofitini kwenye 1101 inatoa 0.825, zanthofili kwenye 1430 inatoa 0.708, na klorofili a kwenye 1612 inatoa 0.643. Kwa mtu anayetumia programu ya majedwali, ikiwa mwanzo umeandikwa kwenye B2, kikomo kwenye B3 na doa la kwanza kwenye B4, fomula moja inatosha, kisha huvutwa kwenda chini:

```
=(B$2-B4)/(B$2-B$3)
```

Milimita hazijatajwa popote katika hesabu hiyo, na huo ndio uzuri wa uwiano. Picha ikikuzwa mara mbili, juu na chini ya mgawanyo huongezeka mara mbili, na jibu halibadiliki. Hata ikivutwa kwa urefu peke yake, kama inavyotokea picha inapobandikwa vibaya kwenye hati, Rf hubaki ileile, mradi mvuto ni sawa kuanzia juu hadi chini. Mtu anayebadilisha pikseli kuwa milimita kabla ya kugawanya anajiongezea kazi bila faida, isipokuwa katika hali moja itakayoelezwa hapa chini.

Kinachobaki ni kuamua kitovu cha doa kiko wapi. Kwa macho si rahisi. Doa linaweza kuwa na urefu wa milimita 4, ambazo katika picha hii ni pikseli 112, na watu wawili wakiulizwa waonyeshe katikati wanaweza kutofautiana kwa pikseli 30. Doa lililozidishiwa mchuzi huwa pia na mkia unaoburuzika nyuma yake, na mkia huo huvuta jicho chini. Desturi ni kupima mahali rangi ilipokolea zaidi. Ukingo wa mbele wa doa hautumiki, kwa sababu hutegemea wingi wa mchuzi uliowekwa: doa kubwa hufika mbele zaidi hata kama rangi ni ileile.

Programu ya bure ya ImageJ, iliyoanzishwa na Wayne Rasband katika taasisi za taifa za afya za Marekani, huondoa ubishi huu. Baada ya kufungua picha, hutolewa amri tatu kwa mfuatano:

```
Image > Transform > Rotate 90 Degrees Right
Image > Color > Split Channels
Analyze > Plot Profile
```

Ya kwanza hulaza karatasi ili njia ya kiyeyushi ielekee upande. Ya pili hugawa picha katika sehemu tatu, yaani mwanga mwekundu, wa kijani na wa buluu. Kabla ya amri ya tatu huchorwa umbo la mstatili linalofunika njia nzima, kuanzia kabla ya mstari wa mwanzo hadi kupita kikomo, lenye upana wa doa na lisiloigusa rula. Programu hupata wastani wa ung'avu katika kila safu ya pikseli ndani ya mstatili na kuuchora kama grafu. Karatasi tupu hutokea kama uwanda wa juu, na kila doa hutokea kama bonde. Sehemu ya chini kabisa ya bonde ndiyo kitovu cha doa. Mistari miwili ya penseli nayo huonekana kama mabonde membamba, na hilo ni jambo la kufurahia, kwa kuwa mwanzo, mwisho na madoa yote husomwa kwenye grafu moja kwa kipimo kimoja. Umbali kwenye grafu huanzia ukingo wa mstatili, si ukingo wa picha, lakini kwa kuwa hesabu ni ya kutoa, tofauti hiyo hujifuta. Ikumbukwe tu kuangalia mstari wa mwanzo umeangukia upande gani wa grafu.

Kugawa rangi za mwanga ndiko kunakotenganisha madoa yanayogusana. Zanthofili na klorofili a katika mfano huu zimeachana kwa pikseli 182 tu, kama milimita 6 na nusu, na mara nyingi kingo zake huingiliana. Rangi za njano hufyonza mwanga wa buluu na kuuacha mwekundu upite. Klorofili hufyonza vyote viwili. Kwa hiyo katika sehemu nyekundu ya picha, zanthofili na karotini karibu hutoweka, na bonde la klorofili a husimama peke yake, tayari kusomwa. Kisha katika sehemu ya buluu hurudi mabonde yote, na lile ambalo halikuwepo kwenye nyekundu ndilo la njano. Njia hii ni zaidi ya msaada wa kupima, kwani ni ushahidi wa pili wa utambulisho: doa linalodhaniwa kuwa zanthofili lakini likaacha bonde refu kwenye sehemu nyekundu si zanthofili safi.

Kina cha bonde, hata hivyo, kisichukuliwe kuwa kiasi cha rangi. Simu hurekebisha ung'avu na utofauti kabla ya kuhifadhi picha, na marekebisho hayo hayafuati uwiano wowote na wingi wa rangi kwenye karatasi. Mahali pa doa hapahamishwi na marekebisho hayo, ndiyo maana Rf inaweza kuaminiwa kutoka kwenye picha ya simu ilhali kiasi hakiwezi.

Kasoro kubwa ya picha ni mwinamo. Kamera isipotazama karatasi wima, upande mmoja wa karatasi huwa karibu na lenzi na mwingine mbali, na kilicho karibu huonekana kirefu zaidi. Hapo sharti la mvuto ulio sawa juu hadi chini limevunjika, na uwiano hauwezi kujirekebisha. Ukubwa wa kosa unaweza kukokotolewa. Kwa njia ya kiyeyushi yenye urefu wa milimita 100, kamera ikiwa umbali wa milimita 300 na karatasi ikiwa imeinama nyuzi 10 huku mstari wa kuanzia ukiwa upande wa karibu, doa la klorofili b lenye Rf ya kweli ya 0.454 husomwa 0.469. Klorofili a hupanda kutoka 0.643 hadi 0.656. Karotini haiguswi sana, kwa kuwa iko karibu na kikomo, na mahali pa kikomo Rf ni 1 kwa namna yoyote picha itakavyoinama. Kosa huwa kubwa zaidi katikati ya njia na hupungua kuelekea ncha zote mbili.

Kamera ikisogezwa hadi milimita 150 kwa mwinamo uleule, klorofili b husomwa 0.483. Kosa limeongezeka karibu maradufu kwa kusogea tu, na hii ndiyo sababu ya kupiga picha kwa mbali na kuvuta. Nyuzi 10 si nyingi. Mkono unaoshika simu juu ya meza huinama kiasi hicho bila mwenyewe kuhisi.

Rula iliyo kando ya karatasi ndiyo inayofichua mwinamo. Hesabu pikseli za sentimita ya kwanza iliyo karibu na mstari wa kuanzia, kisha za sentimita ya mwisho karibu na kikomo. Katika picha nzuri namba hizo mbili hukaribiana sana, kwa mfano 281 na 279. Katika picha iliyoinama nyuzi 10 kutoka milimita 300, zitatofautiana kwa zaidi ya asilimia 10, na kutoka milimita 150 kwa zaidi ya asilimia 20. Tofauti ikizidi asilimia 2 au 3, la busara ni kupiga picha nyingine, karatasi ikiwa bado na rangi.

Ikiwa karatasi imeshapauka na picha iliyoinama ndiyo pekee iliyobaki, rula hiyohiyo huiokoa, na hapa ndipo milimita zinapopata kazi. Rula imelala kwenye uso uleule na karatasi, kwa hiyo imepotoka pamoja nayo kwa kiasi kilekile. Badala ya kupima doa kwa pikseli kutoka mwanzo, huangaliwa limeangukia kati ya alama zipi za rula. Katika picha iliyoinama nyuzi 10, tuseme njia ya kiyeyushi ina pikseli 2800 na kitovu cha klorofili b kiko pikseli 1312 kutoka mwanzo. Alama ya milimita 40 iko pikseli 1159, na ya milimita 50 iko pikseli 1441. Doa limeipita alama ya 40 kwa pikseli 153, na kati ya alama hizo mbili kuna pikseli 282, hivyo limeingia milimita 5.4 ndani ya sentimita hiyo. Umbali wake halisi ni milimita 45.4. Kikomo kiko kwenye milimita 100. Rf ni 0.454, ileile iliyopatikana kwenye picha iliyonyooka. Njia hii hufanya kazi mradi alama mbili zinazotumika ziko karibu na doa. Anayetumia alama ya 0 na ya 100 atakuwa amerudi palepale kwenye kosa.

Hata picha ikiwa nzuri, mistari miwili ya penseli hubeba lawama kubwa kuliko madoa, kwa sababu kosa la mstari huingia katika kila jibu, ilhali kosa la doa huishia kwenye doa hilo. Na mistari hiyo haiharibu kwa namna moja. Tuseme alama ya kikomo iliwekwa milimita 3 chini ya mahali pake, kwa kuwa kiyeyushi kilikuwa kimeanza kukauka. Katika picha ya mfano hizo ni pikseli 84, na njia ya kiyeyushi inakuwa 2716 badala ya 2800. Klorofili b inapanda kutoka 0.45 hadi 0.47, lakini karotini inaruka kutoka 0.95 hadi 0.98. Kosa la kikomo huumiza madoa ya juu. Likikosewa kwa kiasi hicho kwenye mstari wa kuanzia, mambo hugeuka: karotini hubaki 0.95 wakati klorofili b inashuka hadi 0.44. Kwa hiyo mtu anayelinganisha majibu yake na ya mwenzake anaweza kutambua chanzo cha tofauti. Zikiachana za juu huku za chini zikipatana, achunguze kikomo. Zikiachana za chini, achunguze mwanzo.

Kikomo pia si lazima kiwe mstari ulionyooka. Karatasi ikining'inia upande au ikigusa ukuta wa chupa, kiyeyushi hupanda kwa kasi upande mmoja, na kikomo huwa cha mshazari au cha upinde. Hapo alama moja haitoshi. Kikomo chote hufuatishwa kwa penseli, na kila doa hupimwa dhidi ya sehemu ya kikomo iliyo juu yake moja kwa moja.

Ukijumlisha nusu milimita ya shaka kwenye kikomo na milimita moja kwenye kitovu cha doa, njia ya milimita 100 haiwezi kutoa Rf iliyo bora kuliko kosa la takriban 0.01. Ndiyo maana majibu ya mfano huandikwa 0.95, 0.83, 0.71, 0.64 na 0.45, ingawa kikokotoo kilionyesha tarakimu nyingi zaidi. Kamera yenye pikseli mara tatu haiboreshi lolote hapa, kwa kuwa milimita moja tayari ina pikseli 28 na shaka iko kwenye karatasi, si kwenye kamera. Kinachopunguza shaka ni doa dogo lililokolea na njia ndefu ya kiyeyushi.

Thamani hizo tano zinakaribiana sana na zile zinazochapishwa kwenye vitabu vya biolojia kwa mchanganyiko wa 9 kwa 1, lakini kukaribiana huko kusichukuliwe kuwa uthibitisho wa mwisho. Rf hubadilika kwa aina ya karatasi, joto la chumba, na kama chupa ilikuwa imejaa mvuke wa kiyeyushi kabla ya karatasi kuingizwa. Asetoni ikiongezwa kidogo tu, rangi zinazoshikwa na karatasi hulegea, na klorofili b hupanda waziwazi. Chupa iliyofunguliwa mara kadhaa hupoteza etha haraka kuliko ilivyochanganywa, na mchanganyiko wa jioni si ule wa asubuhi. Jibu linaloweza kutetewa hupatikana kwa kuweka kwenye karatasi ileile doa la rangi inayojulikana kando ya doa la mchicha, zote zipande pamoja na zipigwe picha moja. Pasipo hilo, anayeandika Rf aandike pia kiyeyushi na sehemu zake, aina ya karatasi na joto la chumba, na aihifadhi picha ya awali ambayo haijakatwa wala kurekebishwa, rula ikiwemo, ili mwingine aweze kupima upya.